Chuma kipo, ila mlango umefungwa

Majibu ya damu ya shangazi yangu yalikuwa na mistari miwili iliyokuwa ikibishana. Mmoja ulisema kwamba chuma kinachosafiri katika damu yake kilikuwa mikrogramu 28 kwa desilita, ilhali kiwango cha chini kinachokubalika kwenye karatasi ile kilikuwa 50. Mwingine, vidole viwili chini yake, ulisema kwamba feritini, yaani protini ambayo mwili huitumia kuhifadhi chuma na ambayo sisi huipima ili kukadiria akiba, ilikuwa nanogramu 212 kwa mililita, kiasi ambacho ni vigumu mno kukikuta kwa mtu ambaye ghala lake ni tupu. Hemoglobini yake, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 9.1 kwa desilita. Miezi minne kabla ya hapo ilikuwa 9.3, na katika miezi yote hiyo alikuwa amemeza vidonge vya kuongeza damu kila siku, bila kuruka hata kimoja.

Mimi ni mtu wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni damu. Kwa hiyo lazima nikiri kwamba katika wiki ya sita ya dawa hizo shangazi alinipigia simu kulalamika kwamba tumbo limefunga, choo kimekuwa cheusi kama lami, na nguvu hazijarudi, nami nikamjibu kwa wepesi, “Vumilia, shangazi, damu haipandi kwa siku mbili.” Nilijua kwamba ana baridi yabisi ya miaka mingi, ile inayovimbisha vifundo vya vidole vya mikono yote miwili na kumfanya asiweze kukunja ngumi asubuhi. Nilijua pia, kwa kusoma, kwamba maradhi ya namna hiyo hupunguza damu kwa njia yake ya pekee. Lakini mambo hayo mawili sikuyaunganisha mpaka nilipoiona ile mistari miwili kwenye karatasi moja.

Ili kuelewa namna mtu anavyoweza kuwa na chuma tele mwilini na bado damu yake ikakosa chuma, ni lazima kwanza kuondoa dhana kwamba chuma cha damu hutoka mezani. Hutoka mezani kidogo sana. Mtu mzima ana takriban gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, na zaidi ya nusu yake imo ndani ya hemoglobini ya seli nyekundu. Utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, kiasi kinachotosha kufidia kile kinachopotea kwa kubambuka kwa ngozi na kwa seli za utumbo zinazokufa. Uboho, kwa upande wake, huhitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku ili kutengeneza seli nyekundu mpya. Tofauti hiyo kubwa hujazwa na seli nyekundu kuukuu. Kila seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha humezwa na seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo nyingi hukaa katika wengu, ini na uboho. Makrofaji huivunja seli ile, hutoa chuma kilichomo, na kukirudisha katika damu, ambako protini iitwayo transferini hukibeba hadi kwenye uboho.

Sasa tazama mizani ya hesabu hiyo. Kwa wakati wowote ule, chuma kilichobebwa na transferini katika damu yote ya mwili hakizidi miligramu 3 au 4, ilhali mahitaji ya siku moja ni zaidi ya 20. Maana yake ni kwamba shehena nzima iliyomo njiani hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, kama maji ya bomba jembamba linalopitisha mengi ingawa ndani yake hamkai maji mengi. Ukiufunga mlango unaoingiza chuma katika bomba hilo, bomba halikauki baada ya wiki. Linakauka baada ya saa chache. Na mlango wenyewe ni mmoja. Makrofaji inapotaka kukitoa chuma nje, seli ya utumbo inapotaka kukipitisha kutoka kwenye chakula kwenda kwenye damu, na seli ya ini inapotaka kukifungulia kilichohifadhiwa, zote hutumia protini ile ile iliyochomekwa katika utando wa seli, iitwayo feroportini. Hatujui njia nyingine ya maana ya kukitoa chuma nje ya seli.

Anayeushika mlango huo ni hepsidini. Hii ni homoni ndogo sana, yenye asidi amino 25 tu, inayotengenezwa na seli za ini na kumwagwa katika damu. Hepsidini hujishikiza kwenye feroportini, na feroportini iliyoshikwa huvutwa ndani ya seli na kusagwa. Kwa hiyo hepsidini haiubani mlango kwa muda tu. Inaung'oa na kuuteketeza, na seli italazimika kutengeneza mwingine. Chuma kilichokuwa kikisubiri kutoka hubaki ndani, kikafungwa katika feritini.

Historia ya kugunduliwa kwake inafaa kutajwa kwa sababu inaeleza kwa nini jambo hili lilichelewa kueleweka. Madaktari walikuwa wakiuona upungufu wa damu wa maradhi ya muda mrefu tangu zamani, na hata walijua kwamba chuma cha damu hushuka huku cha akiba kikibaki, lakini hawakujua anayekishikilia ni nani. Mnamo mwaka 2000 na 2001 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalikuta protini hiyo katika damu na katika mkojo wa binadamu, na wote walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa: protini ndogo zinazoua vijidudu. Jina lenyewe limeunganisha ini na uuaji wa bakteria. Mwaka 2001 huo huo watafiti wa Ufaransa waliona kwamba panya wasiokuwa na hepsidini hujaa chuma kwenye ini na kongosho, na mwaka uliofuata walionyesha kinyume chake, kwamba panya wanaotengenezewa hepsidini kupita kiasi huzaliwa wakiwa wamepauka kwa kukosa chuma. Mwaka 2004 ndipo ikaonekana kwamba kinachoshikwa na hepsidini ni feroportini. Kitu kilichoanza kama dawa ya asili ya kuua vijidudu kikawa ndicho bawabu wa chuma cha mwili mzima.

Kwa kawaida bawabu huyu hufanya kazi kwa utaratibu mzuri. Chuma kikiwa kingi, ini huongeza hepsidini, na utumbo huacha kufyonza. Chuma kikipungua, au uboho ukiwa na haraka ya kutengeneza damu baada ya mtu kuvuja, hepsidini hushuka na milango hufunguka. Tatizo ni kwamba ini husikiliza sauti ya tatu pia, nayo ni sauti ya kinga ya mwili. Vijidudu vinapoingia, au kinga inapowaka bila adui, hali ambayo wataalamu huiita inflamesheni na ambayo mtu huiona kwa uvimbe, joto na maumivu, seli za kinga humwaga kemikali za kupeana habari. Mojawapo, iitwayo interleukini-6, hufika kwenye ini na kuamrisha hepsidini itengenezwe kwa wingi, haidhuru hali ya akiba ya chuma ikoje. Watu wazima wenye afya waliojitolea kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walitiwa interleukini-6 kwa mshipa. Ndani ya saa 2 tu hepsidini katika mikojo yao ilipanda kwa wastani wa mara 7.5, na chuma katika damu yao kikashuka kwa asilimia 34. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamepoteza hata tone la chuma. Kilikuwa kimefungiwa tu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, si huo wa watu waliojitolea. Ni wa wagonjwa wachache waliozaliwa na kasoro ya kuhifadhi sukari katika ini, ambao baadhi yao ukubwani huota vivimbe visivyo vya saratani kwenye ini. Wale waliokuwa na vivimbe vikubwa walikuwa na upungufu wa damu mkali ambao hakuna chuma cha vidonge kilichouponya. Mwaka 2002 ilielezwa kwamba vivimbe hivyo vyenyewe vilikuwa vikitengeneza hepsidini bila mpaka, na kwamba vilipokatwa, au ini lilipobadilishwa, damu ilirudi yenyewe. Hapo hapakuwa na maambukizi ya muda mrefu wala baridi yabisi. Palikuwa na hepsidini iliyozidi, nayo ilitosha peke yake kuleta picha ile ile.

Msomaji atauliza, na ni haki yake, kwa nini mwili ujinyime chuma wakati unaumwa. Jibu ni kwamba anayenyimwa si mwili bali mgeni. Bakteria karibu wote huhitaji chuma ili kuzaliana, na kilicho rahisi kwao kukinyakua ni kile kinachoelea katika damu bila kushikwa vizuri na transferini. Mwili ukikiondoa chuma njiani ndani ya saa chache, bakteria aliyeingia katika damu hukuta ghala limefungwa. Watu wenye ugonjwa wa kurithi wa kujaa chuma, ambao hepsidini yao ni ndogo mno, hutuonyesha upande wa pili: bakteria kama Vibrio vulnificus, anayepatikana katika maji ya bahari, huweza kuwaua haraka. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago alifariki baada ya kuambukizwa bakteria wa tauni aliyekuwa akiwafanyia kazi maabara. Bakteria wale walikuwa aina iliyodhoofishwa, na mojawapo ya mambo yaliyowadhoofisha ni kwamba hawakuweza kujipatia chuma wenyewe. Uchunguzi baada ya kifo ulionyesha kwamba mtafiti huyo alikuwa na ugonjwa wa kujaa chuma bila kujua. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda mwili wake uliwapa wale bakteria kitu ambacho walikuwa wamenyang'anywa. Mimi ninayeshika sampuli za watu kila siku nilipoisoma habari hiyo sikuisahau.

Kwa maambukizi ya siku tano au kumi, basi, mpango huu ni wa busara na gharama yake ni ndogo. Seli nyekundu zinazokufa kwa siku ni kama asilimia moja tu ya zote, kwa hiyo uboho ukinyimwa chuma kwa wiki moja, hemoglobini haitetereki sana. Lakini kinga inapowaka kwa miezi na miaka, kama katika kifua kikuu, vidonda vya mfupa visivyopona, baridi yabisi, ugonjwa sugu wa figo au baadhi ya saratani, ile asilimia moja ya kila siku hulimbikizana. Seli zinazokufa humezwa, chuma chao hukaa ndani ya makrofaji, na zinazozaliwa ni chache kuliko zilizokufa. Katika kifua kikuu kuna ubaya mwingine juu ya huo: bakteria wake huishi ndani ya makrofaji zenyewe, mahali pale pale ambapo mwili umelundika chuma ili kukificha. Kinga iliyoundwa kumnyima chakula adui aliye nje inaweza kumwekea chakula adui aliye ndani.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alitupa kioo kimoja cha uboho wa mtu aliyeugua kwa muda mrefu, kilichotiwa rangi kwa jaribio la Perls. Jaribio hilo hutumia asidi ya hidrokloriki na ferosianidi ya potasiamu, na mahali penye chuma cha akiba hugeuka buluu iliyokolea. Chini ya darubini makrofaji zilikuwa zimejaa chembe na mabonge ya buluu, hadi nyingine zilionekana kama mtu aliyemwaga wino. Kando yake kabisa, zikiwa zimezigusa, kulikuwa na seli changa zinazokusudia kuwa seli nyekundu, ambazo kwa mtu mzima wa afya baadhi yake huwa na vitone viwili vitatu vya buluu. Hizi hazikuwa na hata kimoja. Mwalimu alituambia tuendelee kutazama mpaka tuchoke. Kati ya bonge lile la chuma na seli inayokililia hapakuwa na umbali wowote. Kulikuwa na utando mmoja wa seli usiokuwa na mlango.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba hepsidini ndiyo sababu pekee. Kinga inayowaka hufanya mengine pia: hupunguza utengenezaji wa erithropoietini, homoni ya figo inayouhimiza uboho, huufanya uboho wenyewe uisikie homoni hiyo kwa shida, na huzifanya makrofaji ziwe na pupa, zikimeza seli nyekundu kabla siku zake hazijafika. Ndiyo maana katika hatua za mwanzo seli nyekundu huwa na ukubwa wa kawaida, kwani zinatengenezwa chache lakini si lazima ziwe na njaa kali ya chuma, na huanza kuwa ndogo ukosefu ukiendelea. Upungufu wa namna hii aghalabu ni wa wastani, hemoglobini ikiwa kati ya 8 na 10 au zaidi kidogo. Ukiikuta 6, usiitupie lawama baridi yabisi ukalala. Tafuta mahali ambapo damu inavuja.

Hapo ndipo ugumu wa kusoma karatasi ulipo, na ndipo watu wengi hukosea, nikiwamo mimi. Chuma cha damu kikiwa chini, macho huona neno moja tu: upungufu. Lakini chuma cha damu hushuka katika hali zote mbili, iwe ghala ni tupu au mlango umefungwa, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitofautishi lolote. Cha kutazama kwanza ni uwezo wa damu kubeba chuma, ambao kwenye karatasi huandikwa TIBC na ambao kimsingi ni kipimo cha transferini. Mtu mwenye njaa ya kweli ya chuma huongeza transferini, kama mwenye shida anayetuma wachukuzi wengi sokoni, na TIBC yake hupanda. Mtu mwenye inflamesheni hupunguza transferini. Ya shangazi ilikuwa 215, chini ya kiwango cha kawaida cha karatasi ile. Ukigawanya 28 kwa 215 unapata asilimia 13, maana yake ni kwamba katika kila nafasi 100 za kubebea chuma, 13 tu ndizo zilizokuwa na mzigo, hata baada ya wachukuzi kupunguzwa.

Kisha feritini. Hii ni shahidi mzuri mwenye kasoro moja kubwa: hupanda kwa sababu mbili, kwa wingi wa akiba na kwa inflamesheni yenyewe. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini iliyo chini ya 15 kuwa ni ukosefu wa chuma. Lakini pakiwa na maambukizi au inflamesheni mpaka huo husogezwa hadi 70, na madaktari wengi wa magonjwa sugu hawaridhiki mpaka iwe imepita 100. Kwa hiyo feritini haisomwi bila CRP kando yake, ile protini ambayo ini huipandisha kila kinga inapowaka. Feritini ya 60 na CRP ya kawaida ni akiba ya kuridhisha. Feritini ya 60 na CRP ya 40 ni jambo la kutia shaka, kwa sababu nyuma ya moshi huo wa inflamesheni ghala linaweza kuwa tupu. Wagonjwa wa baridi yabisi hasa huangukia hapo, kwa kuwa dawa za maumivu wanazomeza kila siku huweza kuutoboa utando wa tumbo wakavuja kidogo kidogo, na hivyo wakawa na yote mawili, mlango uliofungwa na ghala linalomalizika. Kipimo cha vipokezi vya transferini katika damu husaidia kuzitenga hali hizo, kwa sababu hupanda seli zinapokosa chuma kweli na inflamesheni yenyewe haikipandishi sana. Kupima hepsidini moja kwa moja kungekuwa ndilo jibu la wazi zaidi, lakini kipimo hicho bado hutumika zaidi katika utafiti kuliko katika maabara za kawaida.

CRP ya shangazi ilikuwa miligramu 58 kwa lita, na kiwango cha kawaida hakipaswi kuzidi 5. Feritini yake ya 212 ilikuwa mbali na eneo la shaka, na uchunguzi wa choo haukuonyesha damu. Nilimpelekea daktari wake karatasi nikiwa nimechora duara kwenye tarakimu nne, na kwa adabu iliyopasa nikamwuliza kama vidonge vya chuma bado vilikuwa na kazi.

Havikuwa na kazi, na sasa nadhani msomaji anaweza kueleza mwenyewe kwa nini. Kidonge kimoja cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Chuma hicho huingia katika seli za ukuta wa duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na kukuta feroportini ya upande wa damu imeng'olewa na hepsidini. Hukaa humo ndani ya feritini, na siku chache baadaye seli ile huzeeka, hubambuka na kwenda zake na choo. Kingine hakikuingia seli yoyote. Kilishuka moja kwa moja na kulifunga tumbo. Ule weusi alionilalamikia kwa simu ulikuwa ni dawa yenyewe ikipita. Na hata kama utumbo ungekubali kufyonza mara mbili ya kawaida, zingekuwa miligramu 2 hadi 4 kwa siku mbele ya zaidi ya 20 zilizokwama katika makrofaji.

Chuma cha kutiwa kwa mshipa huukwepa utumbo, na kina nafasi yake, hasa kwa wagonjwa wa figo na kwa wale wenye hali zote mbili kwa pamoja. Lakini nacho hakiukwepi mlango kabisa, kwa maana dawa hizo zimefungwa katika sukari na humezwa kwanza na makrofaji, ambazo hulazimika kukitoa kwa feroportini ile ile. Kinachosaidia ni kwamba kipimo chake ni kikubwa, na sehemu yake hupenya. Mtu akiwa na maambukizi makali yanayoendelea, madaktari huogopa kumtia chuma kwa mshipa, na kwa yaliyokwisha kusemwa juu ya bakteria hofu hiyo ina msingi. Dawa inayofuata mkondo wa tatizo ni ile inayoizima inflamesheni yenyewe. Wagonjwa wa ugonjwa wa Castleman, ambao tezi zao humwaga interleukini-6 kwa wingi, walipopewa dawa inayoizuia interleukini hiyo isisikike, hepsidini yao ilishuka na damu yao ikapanda.

Shangazi hakuhitaji dawa kubwa kiasi hicho. Vidonge vya chuma vilisimamishwa, dozi ya methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, ambayo ilikuwa ndogo kuliko uzito wa ugonjwa wake, ikaongezwa hatua kwa hatua, pamoja na asidi foliki na vipimo vya ini kila baada ya wiki kadhaa. Wiki sita za mwanzo hakukuwa na la kuonyesha isipokuwa kwamba ngumi ilianza kukunjika. Mwezi wa tatu CRP ilikuwa 17 na hemoglobini 10.2. Mwezi wa tano CRP ilikuwa 6, hemoglobini 11.8, chuma cha damu 64, na feritini 88.

Aliponiletea karatasi hiyo alikuwa na wasiwasi. “Mwanangu, damu imepanda, hiyo nimeiona. Lakini hii akiba mbona imepungua zaidi ya nusu? Si ndiyo naishiwa?” Nilichukua kalamu tukafanya hesabu pamoja mezani. Damu yake yote ni kama lita 4, yaani desilita 40. Hemoglobini imepanda kutoka 9.1 hadi 11.8, ongezeko la gramu 2.7 kwa kila desilita, kwa hiyo ameongeza gramu 108 za hemoglobini. Kila gramu ya hemoglobini hubeba miligramu 3.4 za chuma. Jumla ni takriban miligramu 367. Nilimweleza kwamba feritini ilishuka kwa kiasi fulani kwa sababu moto umepoa, kwani moto wenyewe ulikuwa ukiipandisha, na kwa kiasi kingine kwa sababu akiba imehamia mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Alitazama ile 367 kwa muda, kisha akauliza ni vidonge vingapi. Nilimwambia hakuna hata kimoja, kwani alikuwa hajameza kidonge cha chuma kwa miezi mitano, na chuma chote kile alikuwa nacho siku ile aliponipigia simu nami nikamwambia avumilie. Aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba. “Basi ile miezi minne ya tumbo kufunga,” akasema, “utanilipa wewe.”